Shamba, konti na mbuzi: kipi kinageuka pesa siku ya shida?

GOMA – Mtoto anapougua ghafla, hakuna anayeuliza jamaa ina mali ya dola ngapi. Swali linalotoka kwenye dirisha la kulipia hospitalini ni fupi: malipo ya kwanza yako wapi, na yatafika lini? Hapo ndipo watu wengi wanagundua kwamba kuwa na mali na kuwa na pesa mkononi ni mambo mawili. Mtu anaweza kuwa na shamba kubwa milimani Masisi na akakosa franka za kulipa motari.

Wanauchumi wana neno lao kwa jambo hili. Wanaliita likidite, yaani wepesi wa mali kugeuka pesa taslimu. Watu wengi wanafikiri wepesi huo ni habari ya muda tu, lakini kuna upande wa pili ambao ndio unaouma. Karibu kila kitu kinaweza kuuzwa leo hii mwenye nacho akikubali bei ya aibu. Kwa hiyo maswali ni mawili, na yanakwenda pamoja: itachukua siku ngapi, na mwenye mali atapoteza kiasi gani kwa sababu ya haraka?

Katika Kivu, shauri linalotolewa kwenye vikao vya jamaa ni lile lile miaka yote: ukipata pesa, nunua shamba au parseli, mengine yatafuata. Mwenye konti anaheshimiwa kama mtu aliyesoma. Mwenye mbuzi wawili anaonekana ni mtu wa kijijini ambaye bado hajajua kuweka akiba. Mpangilio huo wa heshima una makosa, na vita vya mwaka 2025 viliyaonyesha waziwazi.

Tuanze na ardhi, kwa sababu ndiyo iliyobeba akiba ya watu wengi.

Ardhi inachelewa kugeuka pesa kwa sababu watu wengi wanapaswa kukubali kabla mnunuzi hajahesabu noti. Mume na mke lazima wakubaliane. Kama shamba ni la urithi, ndugu nao wana neno, na yule aliye mbali ndiye mara nyingi anayefika wa mwisho kukataa. Kwenye ardhi ya mila, shefu wa kijiji na mwami wana sehemu yao. Majirani wanaitwa waonyeshe mipaka. Halafu ndipo anatafutwa mnunuzi, mwenye pesa nyingi kwa mara moja, ambaye anapenda kipande hicho na si kingine. Mtu wa namna hiyo hapatikani kila siku ya soko.

Baadaye zinakuja karatasi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote wa Kongo ni mali ya serikali, na raia anapewa haki ya kuutumia. Haki hiyo inathibitishwa kisheria na cheti cha kuandikisha kinachotoka ofisi ya hati za ardhi. Lakini watu wengi Goma na vijijini hawana cheti hicho. Wana karatasi ya mauzo iliyosainiwa na mashahidi, au fishi ya parseli kutoka kwa shefu wa mtaa, au barua ya mwami. Karatasi hizo zina kazi yake, lakini mnunuzi mwenye akili anajua kwamba parseli moja inaweza kuwa imeuzwa mara mbili kwa karatasi za namna hiyo. Kwa hiyo anafanya moja kati ya mambo mawili: ama anachukua wiki nyingi akiulizauliza, ama anashusha bei ili kujilipa kwa hatari anayoibeba. Muda unaohifadhiwa kwa kutotengeneza cheti wakati wa amani unalipwa siku ya kuuza.

Wenyeji wa Goma wana somo lingine ambalo watu wa mbali hawana. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kufunika nyumba na alama za mipaka. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena na kufika upande wa Buhene. Udongo wa watu ulibaki pale pale chini ya mawe meusi na hakuna aliyeuhamisha, lakini nani angeununua wiki ile?

Vita vinafanya kitu kinachofanana na hicho. Shamba halikimbii na mwenyewe. Mnunuzi hawezi kwenda kuliona, shefu aliyesaini barua amekimbia naye, na mtu mwingine huenda ameshaanza kulima. Wanaobaki kununua ni wale wanaojua kwamba muuzaji ana njaa.

Konti ya akiba ni kinyume cha hayo yote, na ubora wake una sababu rahisi: haihitaji mnunuzi. Dola moja iliyo kwenye konti ni dola moja. Hakuna mtu atakayeipindua meno kuangalia umri wake. Siku ya kawaida mteja anaonyesha kadi ya mpiga kura, anaweka saini, na baada ya kusubiri kwenye mstari anaondoka na pesa zake, pengine zimepungua kidogo kwa gharama za kutolea. Kwa muda na kwa bei, hakuna shamba wala mbuzi atakayeishinda.

Lakini watu wanasahau konti ni kitu gani. Pesa ya mteja haikai kwenye sanduku lenye jina lake. Konti ni deni ambalo benki inadaiwa na mteja: ni ahadi ya benki kwamba itatoa pesa akizitaka. Ili ahadi itimizwe, tawi lazima liwe wazi, mtandao wa kompyuta ufanye kazi hadi makao makuu, na noti zenyewe ziwe zimefika mjini. Kwenye koperative za akiba na mkopo kuna jambo moja zaidi: sehemu ya pesa za wanachama imekopeshwa kwa wanachama wengine. Wote wakija asubuhi moja, haitatosha.

Mwisho wa Januari 2025, AFC/M23 walipouchukua mji wa Goma, benki zilifunga milango. Ndege hazikutua tena, na noti mpya hazikuletwa kutoka Kinshasa. Bukavu ilifuata Februari. Walimu, wafanyakazi wa mashirika na wafanyabiashara waliokuwa na pesa halali kwenye konti walijikuta hawana ya kununua unga. Mwezi wa Aprili ofisi ya CADECO ilifunguliwa Goma chini ya AFC/M23, lakini benki za biashara zilibaki zimefungwa.

Hata hivyo kilichofungwa kilikuwa mlango. Ahadi yenyewe ilibaki hai, na tofauti hiyo ina maana kubwa. Mwenye konti iliyofungamanishwa na namba yake ya simu aliweza kusukuma pesa kwenda M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kisha akatafuta wakala mwenye noti. Wengine walivuka hadi Gisenyi upande wa Rwanda. Kwa kuwa noti zilikuwa chache, mawakala walipandisha sehemu yao, na hiyo ndiyo bei ya haraka iliyofika hadi kwenye konti. Dola mia moja za konti zilikuwa bado dola mia moja kwenye simu, lakini hazikuwa mia moja tena mkononi. Na yule aliyekuwa na kitabu cha akiba tu, bila namba ya simu inayojulikana na benki, alibaki akikitazama kitabu.

(Hata noti yenyewe ina masharti yake katika nchi hii. Dola yenye mpasuko mdogo pembeni inakataliwa sokoni kana kwamba ni karatasi ya daftari. Anayeficha akiba kwenye godoro aikague kabla ya siku ya shida.)

Sasa mbuzi.

Mbuzi anatembea. Hilo peke yake linamweka mbele ya shamba kwa jamaa inayolala leo kijiji hiki na kesho kingine. Hana cheti cha kuandikisha na hana mtandao. Anayepaswa kukubali ni mwenyewe na mnunuzi mmoja tu, na wanunuzi ni wengi kwa sababu bei yake iko ndani ya uwezo wa watu wengi: mchinjaji, mwenye kuuza mishikaki, baba anayejiandaa kwa mahari, jamaa inayotaka jike la kufuga. Mnunuzi anamshika mgongo kuona nyama, anafungua mdomo kuhesabu meno, anamwinua kidogo kukadiria uzito, na biashara inakwisha kabla jua halijafika kichwani. Kati ya kuamua kuuza na kushika pesa kuna siku moja, ikizidi sana ni kungoja siku ya soko.

Lakini mbuzi naye ana kasoro ambazo wanaomsifu hawazisemi. Kwanza hagawanyiki. Anayehitaji dola kumi za dawa hawezi kuuza mguu mmoja na kubaki na mitatu, kwa hiyo anauza mbuzi mzima, na pesa inayobaki inaliwa na shida ndogondogo. Konti inatoa dola kumi na kuacha zilizobaki.

Pili, bei yake inaanguka hasa wakati kila mtu anamhitaji mnunuzi. Mwanzoni mwa Septemba wazazi wengi wanapeleka mbuzi sokoni kwa ajili ya masomo ya sekondari, na wachinjaji wanalijua hilo kuliko walimu. Kijiji kizima kikishuka barabarani kwa kukimbia risasi, ni vibaya zaidi: mbuzi mia wanatafuta wanunuzi kumi. Mwisho wa mwaka na karibu na sikukuu ya Idi mambo yanageuka, na mbuzi yule yule anamfanya muuzaji asimame wima.

Tatu, mbuzi anaweza kufa au kuibwa, na watu wenye silaha wanapenda mali inayotembea kwa sababu ile ile mwenyewe anayoipendea. Kuna pia sotoka ya mbuzi na kondoo. Mnyama anapata homa, makamasi na machozi yanatoka, mdomo unafanya vidonda, kisha anaanza kuhara. Mnunuzi akiona pua chafu na mkia uliolowa, anaondoka bila kuuliza bei, na kwa wiki kadhaa mbuzi wote wa kijiji hicho hawana soko hata wale wazima. Chanjo ipo, na sindano moja inamkinga mnyama kwa muda usiopungua miaka mitatu. Kwa mwenye mbuzi wa akiba, sindano hiyo inafanya kazi ambayo cheti kinafanyia shamba.

Ili kuona vitu hivi vitatu vikikutana, tuchukue jamaa moja ya mfano. Imetoka milimani Masisi na inalala kwa shangazi pembeni ya Goma. Ina shamba lenye barua ya mwami, ambalo wakati wa amani lingepata dola 1500. Ina dola 200 kwenye konti. Na ina mbuzi wawili waliokuja kwa miguu pamoja na watoto, ambao siku nzuri ya soko wangetoa dola 60 kila mmoja. Jumanne mtoto wa kiume anapatwa na maumivu makali ya tumbo. Daktari anasema ni upasuaji, na hospitali inataka dola 120 za mwanzo.

Baba anawaza konti kwanza, na hajakosea. Lakini tawi limefungwa, na namba ya simu aliyoiacha benki ilipotea njiani pamoja na simu yenyewe. Kuirudisha namba hiyo na kuifungamanisha upya na konti kutachukua wiki kadhaa. Dola 200 zipo, ila hazipo Jumanne.

Jioni hiyo hiyo anafika mtu aliyesikia habari. Ana dola 300 taslimu kwa ajili ya shamba, na anataka karatasi isainiwe usiku huo. Dola 300 zinatosha hospitali na zinabaki. Kwa mtu mwenye mtoto anayelia, zinaonekana kama msaada. Hesabu yake ni hii: jamaa ingepata dola 300 kwa kitu cha dola 1500, kwa hiyo haraka ya siku tatu ingeigharimu dola 1200, pamoja na mahali pa kurudi.

Mama anachukua kamba na kwenda na mbuzi kwa wachinjaji. Wa kwanza anatazama miguu iliyochakaa kwa safari.

“Mama, hawa wamekonda. Dola 35 kila mmoja.”

“Papa, wamekonda tumbo, mifupa ni ile ile. Huyu jike ana mimba, mshike uone.”

Anauza dume kwa dola 40. Jike anamkatalia mchinjaji, anampeleka kwa jirani mfugaji anayejua thamani ya mimba, na huko anapata 50. Jumla ni dola 90. Sokoni kwa utulivu wangetoa 120 au zaidi kidogo, kwa hiyo jamaa imepoteza kama dola 30. Shangazi anakopesha dola 30 zilizobaki, na Jumatano asubuhi malipo yako kwenye dirisha.

Baada ya wiki nne namba ya simu inarudi. Dola 200 zinapita kwenye simu, wakala anakata dola 5 kwa kila mia, na zinabaki 190. Shangazi analipwa. Konti ndiyo iliyopoteza kidogo kuliko vyote, dola 10 tu, lakini ilichelewa mwezi mzima kwa shida ya siku tatu.

Anayetazama asilimia peke yake atasema mbuzi waliuzwa vibaya, maana robo ya thamani yao ilikwenda. Ni kweli. Lakini mbuzi hao walifanya kazi ambayo hesabu ya sokoni haiionyeshi: walilizuia shamba lisiuzwe. Dola 30 zilizopotea kwa mchinjaji zilizuia kupotea kwa dola 1200. Hiyo ndiyo kazi ya mali nyepesi katika nyumba yenye mali nzito, na ndiyo sababu shauri la “nunua shamba kwanza” ni shauri baya kwa jamaa isiyo na kitu kingine. Mwenye shamba peke yake ndiye anayelipoteza kwa bei ya aibu, kwa sababu siku ya homa hana kingine cha kuuza.

Pia si sawa kusema, kama wengi walivyosema baada ya benki kufungwa, kwamba konti ni ujinga na pesa zote ziende kwa mbuzi. Mbuzi kumi hawana wepesi mara kumi. Wawili wa kwanza wanauzwa asubuhi. Wa saba na wa nane wanakutana na soko lililoshiba, na ugonjwa mmoja unaweza kuwachukua wote wiki moja. Konti iliyokuwa na namba ya simu hai, ambayo mwenyewe aliihifadhi kichwani na kwa ndugu wa kuaminika, ilivuka mwaka 2025 ikiwa na majeraha madogo. Ile isiyo na namba ililala. Kufungamanisha namba ni kazi ya dakika chache wakati tawi liko wazi, na inashangaza ni wangapi walioiahirisha.

Kwa walio na shamba nyuma na hawawezi kulifikia, kuna njia ya katikati ambayo haitajwi vya kutosha: kukodisha kwa msimu badala ya kuuza. Wakulima wa Kivu wanaijua tangu zamani. Anayelima anatoa pesa kidogo au sehemu ya maharage, na shamba linabaki na mwenyewe. Pesa inayopatikana ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya kuuza, lakini inakuja bila kufunga mlango wa kurudi. Karatasi itaje msimu mmoja tu, isiwe na neno “mauzo” popote, iwe na majina ya majirani wa pande zote nne, na nakala zake ziwe mbili. Bila nakala ya pili, mpangaji wa leo anaweza kuwa mwenye shamba wa kesho.

Ile jamaa ya mfano ilifanya hivyo. Ilimwachia jirani aliyebaki mlimani alime maharage hadi mavuno, kwa magunia mawili. Kati ya dola 160 zilizobaki baada ya kumlipa shangazi, 65 zilinunua jike lenye umri wa kuzaa na kulipia chanjo. Zilizobaki zimerudi kwenye konti, na namba ya simu imeandikwa kwa kalamu nyuma ya mlango wa shangazi.